Barua kwa mwanangu: pikipiki inayozima kwenye taa

"Baba shikamoo. Tangu fundi aoshe kabureta, pikipiki inanizimia kila nikisimama kwenye taa, na nikivuta mafuta ghafla inasita kwanza ndipo iende. Ameshapandisha sailensi mara mbili, inakaa siku mbili tatu inarudia. Nikiiacha na choki nusu inatulia. Sasa anasema ninunue kabureta mpya. Ninunue?"

Marahaba mwanangu, na mama yako anakusalimu. Usinunue. Jibu lenyewe umeliandika mwenyewe bila kujua, mahali pawili: "tangu aoshe kabureta" na "choki nusu".

Nianze na choki. Kazi yake ni kuibania injini hewa, au kuifungulia njia ya ziada ya petroli, ili mchanganyiko uwe mzito wakati injini ni ya baridi. Asubuhi ya mwezi wa saba hapo Dodoma, na ule upepo, pikipiki yoyote itaitaka kwa dakika moja au mbili. Lakini ukishatoka Nkuhungu ukafika mjini, injini imepata moto na choki inapaswa kuikera: iungurume kwa uzito, itoe moshi mweusi kidogo, pengine izime. Yako ikiwa ya moto ndiyo kwanza inaifurahia. Maana yake petroli ni chache kuliko hewa inayoingia. Ingekuwa kinyume, yaani choki inaizidishia ubaya, ningekutuma kwenye chujio la hewa lililojaa vumbi, au choki isiyorudi yote, au boya la kabureta linalopitisha petroli kupita kiasi. Huko tusiende.

Sasa kwa nini petroli ni chache? Kuna mambo mawili yanayofanana sana. Ama jeti ndogo, kile kitundu cha kupitishia petroli ya sailensi wakati hujavuta mafuta, imeziba, ama kuna hewa inaingia mahali isipotakiwa, kati ya kabureta na kichwa cha injini. Mafundi wanasema injini inanyonya hewa. Mimi naweka pesa yangu kwenye la pili, kwa sababu ya ile sauti uliyonirekodia. Nimeisikiliza nyuma ya nyumba, mbali na redio ya mama yako. Unapoachia mafuta, injini haishuki mara moja; inabaki juu kidogo kama mtu aliyesahau kukaa, kisha inashuka ghafla, inapanda, inashuka, inazima. Jeti iliyoziba kwa kawaida haikai juu hivyo. Injini inakosa nguvu, inakaa chini na kufa tu.

Ona kinachotokea mle ndani. Ukiwa umesimama kwenye taa, mlango wa kabureta umefungwa karibu wote. Pistoni inavuta, na kwa kuwa njia ni nyembamba mvuto ndani ya manifodi, lile bomba fupi kati ya kabureta na kichwa cha injini, unakuwa mkali kweli. Hapo hata ufa wa unene wa ukucha unaingiza hewa nyingi ukilinganisha na ile kidogo inayopita kwenye kabureta, na hewa hiyo haina petroli. Ukiwa barabarani kuelekea Mtumba umevuta mafuta nusu, mlango uko wazi, mvuto unapungua, na ule ufa unakuwa si kitu. Ndiyo maana haikusumbui kwenye mwendo. Na kule kusita unapovuta ghafla ni mtoto wa tatizo hilohilo. Mlango ukifunguka hewa inakimbilia ndani papo hapo, lakini petroli ni nzito, inachelewa kidogo. Injini nzima huvuka pengo hilo kwa sababu mchanganyiko wake wa sailensi una utajiri wa akiba. Yako haina akiba.

Kuhusu skrubu ya sailensi, fundi wako simlaumu sana, nimewahi kuwa kama yeye. Ile skrubu inainua tu mlango wa kabureta kidogo ili usijifunge wote. Haiongezi petroli kwa hewa ileile, inaongeza vyote viwili, na ufa unabaki palepale. Ukiipandisha, injini inatulia kwa siku mbili, halafu ikipata joto zaidi inabaki juu, gia ya kwanza inaingia kwa kishindo, na ukiachia mafuta kwenye mteremko bomba la moshi linapiga-piga. Ukiona hivyo, ujue umelificha tatizo.

Kutafuta ufa hakuhitaji pesa. Chukua ile chupa ya kupulizia maji ya pasi. Zunguka na pikipiki kama dakika 10 ipate moto, iweke stendi kubwa, choki irudishe yote, iache iungurume. Kama haitulii, pandisha skrubu ya sailensi kwa muda tu. Kisha pulizia maji kidogo sana, sehemu moja moja, usubiri. Anza pale manifodi inapofungwa na boliti 2 kwenye kichwa cha injini. Halafu mpira unaoshika kabureta na klipu yake, uzunguke mpaka chini, kwa sababu nyufa za mpira hupenda kujificha upande usioonekana. Kama manifodi ina kinyonyo kidogo chenye kifuniko cha mpira, nacho ukipulizie. Vifuniko hivyo hukauka na jua la huko vikapasuka kama maganda ya karanga. Mahali penye ufa utasikia sauti inabadilika: inashuka, inakwama, au ghafla inatulia kwa sekunde chache kwa sababu maji yameziba. Rudia mara tatu palepale. Ikibadilika mara zote tatu, umepata. Tena usije ukatumia petroli badala ya maji, hata kama jirani anafanya. Bomba la moshi liko karibu, na linawaka.

Huna chupa? Itikise kabureta kwa mkono huku injini inaunguruma. Mpira uliopasuka utakuambia.

Nikukumbushe jambo la Kibaigwa, wewe ulikuwa darasa la pili. Aliniletea pikipiki mzee mmoja aliyekuwa anabeba magunia kutoka shambani hadi soko la mahindi, tatizo hilihili. Nikafungua, nikabadilisha oringi, ile pete ya mpira inayoziba kati ya manifodi na kichwa cha injini, nikafunga. Ikarudi kesho yake. Nikakaza boliti zaidi. Ikawa mbaya zaidi! Nilikaa nayo siku nzima, nikaosha kabureta mara mbili, nikabadilisha plagi, kila kitu isipokuwa kile nilichokuwa nakiharibu mwenyewe. Jioni ndipo nikaivua ile flanji, uso bapa wa manifodi unaobanwa na boliti, nikailaza juu ya kioo cha dirisha, nikaitazama kwa usawa wa jicho kuelekea jua linalozama. Masikio mawili ya boliti yalikuwa yamegusa kioo, na katikati mwanga unapita kama chini ya mlango. Nilikuwa nimeipinda kwa kukaza. Kila nilipoongeza nguvu, katikati ilizidi kuinuka.

Ndiyo maana ile "tangu aoshe kabureta" imenishtua. Ili kuiosha alifungua boliti hizo, na alipofunga huenda oringi ya zamani iliyolala bapa ilirudishwa vilevile, au alikaza upande mmoja mpaka mwisho kabla hajagusa wa pili.

Kwa hiyo fungua. Funga kwanza bomba la petroli. Ilaze flanji juu ya kioo uangalie mwanga. Ikiwa imepinda kidogo, weka msasa laini namba 400 juu ya kioo, uso juu, uisugue flanji kwa mizunguko ya namba nane, bila kukandamiza, mpaka alama za msasa zienee uso mzima. Ukiondoa nyingi mno mfereji wa oringi utakuwa na kina kifupi, basi acha mapema. Ioshe vumbi lote, maana chembe ya msasa ikiingia kwenye silinda ni balaa jingine. Weka oringi mpya. Usipake silikoni. Petroli huilainisha, inavimba, na vipande vyake vinavutwa ndani. Boliti zikaze kwa zamu, huku robo, huku robo, kwa spana fupi namba 10, mpaka zishike tu. Mpira wa kabureta ukiwa na ufa haubandikwi, nunua mwingine.

Ukishaziba, usishangae pikipiki ikiunguruma juu kuliko mwanzo, kwa sababu skrubu ilipandishwa mara mbili. Ishushe sasa. Pikipiki nyingi za ukubwa wa yako hukaa karibu mizunguko 1,400 kwa dakika. Huna kipimo, lakini inatosha taa isififie na gia ya kwanza iingie bila kishindo. Ipo na skrubu nyingine ndogo, ya mchanganyiko. Kabla ya kuigusa, ikaze taratibu mpaka iguse huku ukihesabu mizunguko, uiandike, kisha irudishe. Usiikaze kwa nguvu, ncha yake ni kama sindano. Ikiwa iko upande wa chujio la hewa, kuikaza kunaongeza uzito wa petroli. Ikiwa upande wa injini, kuifungua ndiko kunaongeza. Ipe robo mzunguko, subiri, sikiliza, mpaka injini ipande juu na kulainika, halafu ushushe sailensi tena. Vuta mafuta ghafla. Ikisita bado, ongeza robo ya uzito.

Na kama maji hayakubadilisha sauti popote, na skrubu ya mchanganyiko ukiizungusha haisemi chochote, basi nimekosea mimi na jeti ndogo imeziba. Itoe, itazame kwenye mwanga, tundu lake ni dogo kama la sindano. Isafishe kwa uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme. Waya wa chuma utalipanua, na hapo ndipo utakapolazimika kununua. Yote mawili yakiwa salama na bado inazima ikipata moto tu, zipimwe valvu kabla ya kabureta kuguswa tena.

Oringi ya zamani usiitupe. Nenda nayo dukani waipime kwa kuilaza juu ya mpya, ukitaja aina ya pikipiki peke yake watakupa ya kubahatisha. Ukimaliza nipigie, uiwashe ikiwa ya moto, simu uiweke karibu na injini, uvute mafuta na kuachia mara tatu. Nitazima redio.

Baba yako