Ya 16 ipi? Kusoma picha ya viungio vya matone kabla ya kuagiza

Oda ya kwanza niliyoipeleka kwa kutazama picha tu ilitokana na picha nzuri kweli: kiungio cheusi kwenye kiganja cha mteja, mwanga wa kutosha, na chini yake maneno mawili, "Ya 16." Nikatuma viungio 40 vya 16. Vilipofika shambani viliingia kwenye mipira bila hata kusukumwa, na maji yalipofunguliwa vikachomoka vivyo hivyo. Mteja hakukosea kusema 16, nami sikukosea kutuma 16. Tatizo ni kwamba ziko 16 mbili, na hakuna aliyeniambia.

Ninyi mnaoanza kazi ya kupokea oda za umwagiliaji wa matone, anzeni na hili kabla ya jingine lolote. Kuna mpira mgumu, ule unaobaki mviringo hata ukiwa hauna maji. Huo hupimwa nje. Ukiambiwa ni wa 16, maana yake kutoka ukingo hadi ukingo wa nje ni milimita 16, na ukitoa unene wa kuta zake, tundu la ndani linabaki milimita 14 au pungufu kidogo. Halafu kuna tepu, ile nyembamba inayolala bapa kama utepe ikikauka. Hiyo hupimwa ndani. Ukuta wake mara nyingi ni milimita 0.2 tu, au chini ya hapo, kwa hiyo 16 yake ni upana wa njia ya maji yenyewe. Kati ya tundu moja na jingine kuna tofauti ya milimita mbili hivi. Ukiitazama kwenye picha huioni, lakini maji huiona mara moja.

Kwa hiyo picha ya kiungio peke yake isikutosheleze. Kiungio cha tepu kwa kawaida kina nati kubwa yenye mbavu, ambayo hukazwa juu ya tepu ili kuibana, kwa kuwa meno peke yake hayawezi kushika ukuta mwembamba kiasi hicho. Kiungio cha mpira mgumu kwa kawaida kina pete zilizochongoka tu, na mpira hujibana wenyewe juu yake. Nasema "kwa kawaida" kwa sababu vipo vya mpira mgumu vinavyokuja na nati, na hapo ndipo wageni wengi hunaswa. Omba picha ya mpira wenyewe, umekatwa, mdomo ukielekea kwenye kamera. Ukiwa mviringo, ni mpira mgumu. Ukiwa umefumba kama mdomo wa bahasha, ni tepu.

Tepu ina mtego wake mwingine. Mteja mwangalifu ataichukua rula, ataiweka juu ya tepu iliyolala bapa, atasoma 25, na atakuandikia kwamba anahitaji viungio vya 25. Usimtumie. Tepu iliyolala ni nusu ya mzingo wake. Zidisha upana huo kwa mbili, ugawe kwa 3.14, na 25 inakuwa 16. Akikuambia 34 au 35, hiyo ni tepu ya 22. Kwa mpira mgumu mambo ni rahisi zaidi: azungushie kipande cha karatasi, aweke alama pale kinapokutana, akinyooshe na kukipima. Milimita 50 za mzingo ni mpira wa 16, na milimita 63 ni wa 20. Naiamini karatasi kuliko rula iliyoshikiliwa mbele ya mdomo wa bomba, maana mkono hutetemeka na mdomo mara nyingi umebonyea.

Mara nyingine jibu limeandikwa tayari. Tepu nyingi zina maandishi yanayojirudia kila baada ya hatua chache, yakionekana hivi:

```
16 mm  0.2 mm  30 cm  1.6 L/h
```

Kipenyo, unene wa ukuta, umbali kati ya tundu na tundu, na lita kwa saa. Mwambie mteja apanguse tope na atembee kwenye mstari hadi ayakute. Nimeona watu wakibishana siku nzima juu ya kitu kilichoandikwa hatua tatu kutoka waliposimama.

Sasa niwape kisa kimoja chote, maana ndicho kilichonifundisha kupima kwenye picha. Mama mmoja alikuwa na mistari 40 ya tepu iliyotoka kwenye bomba kuu gumu la plastiki. Panya walikuwa wametafuna baadhi ya viungio vya mwanzo, vile vinavyotoa maji kwenye bomba kuu na kuyaingiza kwenye tepu, na kiungio cha uzi kwenye koki kuu kilikuwa kimepasuka. Alituma picha moja ya vyote vikiwa mezani, na kando yake kaweka kadi ya benki ili nipate kipimo. Wazo zuri, kwa sababu kadi hizo zina urefu mmoja duniani kote: milimita 85.6.

Nilifungua picha kwenye kompyuta. Kadi ilikuwa na urefu wa doti 856, yaani doti 10 kwa kila milimita. Kile kiungio cha uzi kilikuwa kimesimama wima, mdomo wenye uzi ukitazama juu, na upana wake ulikuwa doti 293. Milimita 29.3. Nikakwama. Uzi wa nusu inchi una upana wa nje wa milimita 21 hivi, wa robo tatu ni 26.4, wa inchi moja ni 33.2. (Ndiyo, jina la uzi halilingani na kipimo chochote utakachokipata kwa rula. Ukimtumia mtu uzi wa nusu inchi kwa sababu kapima milimita 13, utakuwa umemtumia takataka.) 29.3 haikuwa ya popote.

Kosa lilikuwa kwenye urefu. Kadi ililala mezani, lakini mdomo wa kiungio ulikuwa juu ya meza kwa sentimita 4, yaani karibu zaidi na kamera. Kitu kilicho karibu huonekana kikubwa. Kama simu ilikuwa sentimita 40 kutoka kwenye kadi, basi ilikuwa sentimita 36 tu kutoka kwenye uzi, na kila kitu pale juu kilionekana kikubwa kwa moja ya tisa. Zidisha 29.3 kwa 36, gawa kwa 40, unapata 26.4. Robo tatu.

Lakini sikuagiza kwa hesabu hiyo, kwa kuwa sentimita 40 nilizikisia tu. Nilimwandikia: "Mama, shikamoo. Naomba picha nyingine. Weka kadi juu ya kitabu au kopo ili iwe sawa na mdomo wa hicho chenye uzi, kisha usimame mbali kama mita moja na uvute karibu kwa simu, usiinamie." Umbali wa mita moja unapunguza kosa hilo sana: hata kadi ikipishana na uzi kwa sentimita moja, unakosea kwa asilimia moja tu. Picha ya pili ilinipa 26.5, nikaagiza robo tatu nikiwa na amani.

Viungio vya mwanzo vilikuwa na ugumu tofauti. Kwenye bomba kuu laini, kiungio chenye meno huchomekwa moja kwa moja. Kwenye bomba gumu kama la mama huyu, tundu hutobolewa kwa keekee, raba ya kuziba huingizwa kwanza, kisha kiungio husukumwa ndani ya raba. Sasa raba za kampuni moja hazilingani na tundu la kampuni nyingine, na tundu likizidi kwa milimita moja litavuja hata ukisukuma namna gani. Huwezi kupima tundu hilo kwenye picha, kwa sababu liko kwenye mgongo wa bomba uliopinda. Nilimwomba achukue misumari ya keekee aliyokuwa nayo, ajaribu mmoja mmoja bila kuizungusha, hadi apate ule unaoingia kwa kubana kidogo. Alikuta wa 16. Namba iliyochapwa kwenye shina la msumari huo ndiyo niliyoiandika kwenye oda, na nikaomba raba zilizokusudiwa tundu hilo. Ziko zinazotaka tundu dogo zaidi, na zote kwenye katalogi zinaitwa "za 16" kwa sababu ya tepu inayofuata.

Lililobaki ni vitoa matone, na hapo sitawachosha. Kwenye tepu vimo ndani tayari, kwa hiyo kama maandishi yamefutika, mteja apime kutoka tundu la kwanza hadi la kumi na moja na agawe kwa kumi. Kupima nafasi moja tu kunaleta makosa. Vile vya kitufe, vinavyochomekwa kwa nje kwenye mpira mgumu, watu huniagiza kwa rangi. "Nitumie vyekundu." Rangi haina lugha moja kati ya watengenezaji: chekundu cha huyu ni cha lita 4, cha yule ni cha lita 2. Dawa ni kikombe chenye vipimo na dakika tatu. Kikijaa mililita 100 ni cha lita 2 kwa saa, mililita 200 ni cha lita 4.

Isipokuwa presha ikiwa ndogo. Namba iliyo kwenye kitoa matone cha kawaida ni ya presha ya mita 10 za maji. Mteja mwenye tangi lililoinuliwa mita 2.5 tu ana robo ya presha hiyo, na kwenye robo ya presha kitoa matone cha kawaida hutoa karibu nusu ya maji yake, si robo. Atajaza mililita 100, utamwandikia cha lita 2, kumbe alichonacho ni cha lita 4. Ukimpelekea cha lita 2, mimea ya mstari huo itapata nusu ya majirani zake. Kwa hiyo kabla ya kikombe, uliza urefu wa tangi. Na uliza kama kitufe hicho kikifunguliwa kina kipande chepesi cha raba ndani. Kama kipo, kinajisawazisha presha, na hesabu hii haikihusu kwenye presha ambazo kimetengenezewa.

Oda ya mama yule ilikuwa hivi mwishoni: viungio vya mwanzo 12 vyenye nati, vya tepu ya 16 ya kipimo cha ndani, pamoja na raba zake za tundu la milimita 16, viungio vya kuunga tepu 6 kwa sehemu zilizotafunwa, kiungio kimoja cha uzi wa robo tatu. Nikaongeza viwili vya ziada vya mwanzo. Panya walikuwa bado wapo.