Feri ya Likoni bila msimulizi

"Wahusika wa mchezo wangu wa redio wako kwenye feri ya Likoni. Msikilizaji atajuaje bila msimulizi?"

Usimpe mhusika sentensi kama "tazama, tumepanda feri". Hakuna abiria anayemwambia mwenzake hivyo. Anza na honi peke yake, sekunde mbili tatu, kisha nyayo za umati juu ya chuma. Honi tupu inaweza kudhaniwa ya lori, kwa hiyo maneno ya kwanza yaithibitishe kupitia haja ya mtu: "Mama, sogea, magari yanashuka!"

Halafu punguza sauti ya umati iwe chini ya mazungumzo, ila waigizaji waendelee kupaza sauti. Wakiongea kwa utulivu, msikilizaji atasikia studio. Sentensi ziwe fupi, mmoja aulize "Ati?" Siri nzito isubiri wavuke, umati ukishatawanyika.