Gari Likitumbukia Majini, Kimbilia Dirisha

Gari likitumbukia kwenye maji ya kina halizami papo hapo. Huelea kwanza, mara nyingi kati ya nusu dakika na dakika mbili, huku pua ikiinama kwa uzito wa injini. Muda huo ni wa kutoka, si wa kupiga simu.

Fungua mkanda, kisha shusha kioo cha pembeni maji yakiwa bado chini yake. Madirisha ya umeme kwa kawaida huendelea kufanya kazi kwa muda mfupi baada ya gari kuingia majini. Maji yakishapanda, hukandamiza kioo kwenye fremu na kikagoma kushuka. Kama kuna watoto, fungua mikanda yao ukianza na mkubwa, maana anaweza kujisaidia, na uwapitishe dirishani kabla yako.

Mlango uache. Maji yakifika nusu mita kwenye mlango wenye upana wa mita moja, yanausukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 125. Hata ukifaulu kuufungua, maji huingia kwa kishindo, na gari lililokuwa likielea huzama kwa sekunde chache na wa kiti cha nyuma wakiwa ndani.

Kioo kikikataa kushuka, kivunje. Kipige kwenye kona, karibu na fremu, kwa sababu katikati hunepa na kumeza pigo. Cha mbele usihangaike nacho: kina utando katikati, kinapasuka bila kuachia. Baadhi ya magari mapya yana kioo cha namna hiyo hata pembeni, kwa hiyo leo hii soma maandishi madogo kwenye kona ya kioo chako. TEMPERED kinavunjika, LAMINATED hakivunjiki kwa kifaa cha mfukoni. Kifaa chenyewe nunua cha springi, kile unachokigandamiza kwenye kioo. Nyundo hupoteza kasi ikirushwa ndani ya maji. Kifunge mahali mkono unapofika ukiwa umefunga mkanda, kwani kilichowekwa kwenye buti hakitakufaa.

Wapo wanaoshauri usubiri gari lijae maji ndipo mlango ufunguke. Hiyo ni njia ya mwisho kabisa. Kule Likoni, Mombasa, tarehe 29 Septemba 2019, gari lilirudi kinyumenyume kutoka kwenye feri likazama na mama na mtoto wake. Wapiga mbizi walilikuta kwenye kina cha mita 58. Kwa kina kama hicho, kusubiri ni kushuka nalo gizani.

Ndiyo maana ukipanda feri au pantoni, vuta breki ya mkono hadi mwisho na uweke giya ya kwanza, au P kwa otomatiki. Zima injini, lakini shusha kwanza vioo vyote na fungueni mikanda. Abiria wakiweza, washuke wasimame nje.