"Pamoja na" ina maana mbili: kwa anayeanza kuhakiki barua za wakili na mteja

Nilikuwa na miezi michache tu ofisini nilipopewa barua ya makubaliano niihakiki kabla mteja hajasaini. Sentensi ya ada ilisema: "Mteja atalipa ada ya 2,000,000 pamoja na gharama za kufungua shauri." Niliisoma mara mbili nikaipitisha, maana tahajia ilikuwa safi na nukta zilikaa mahali pake.

Bili ilipotoka, mteja alikuja juu. Yeye alielewa kwamba zile 2,000,000 zimeshabeba gharama za kufungua shauri. Wakili alikusudia gharama ziongezwe juu ya ada. Ukiirudia sentensi ile utaona hakuna aliyekosea kusoma, kwa sababu "pamoja na" inabeba maana zote mbili. Mwishowe ofisi ndiyo iliyozilipa. Katika mifumo mingi ya sheria, maneno yenye utata husomwa dhidi ya aliyeyaandika, na barua tuliiandika sisi.

Tangu hapo, "pamoja na" ikikaa karibu na fedha naipigia mstari hata kabla sijamaliza aya. Dawa yake ni sentensi mbili badala ya moja: "Ada ya uwakili ni 2,000,000. Gharama za kufungua shauri, nakala na usafiri hazimo katika ada hii. Mteja atazilipa kando." Haina mapambo, lakini haisomeki kwa njia ya pili. Kodi nayo iwe na sentensi yake: imo au haimo.

Neno jingine la kulitilia shaka ni "malipo ya awali". Jiulize, kazi ikikatika katikati, kilichobaki ni cha nani? Kama ni amana, inakaa kwenye akaunti ya wateja, wakili anaikata kadiri anavyofanya kazi, na salio linarudi. Kama ni awamu ya kwanza ya ada, hesabu ni nyingine kabisa. Barua isipojibu swali hilo, usijibu wewe. Andika pembeni: "Ni amana au ni sehemu ya ada?" kisha umrudishie wakili. Mhakiki anayejiamulia maana ni hatari kuliko asiyeona kosa.

Halafu linganisha tarakimu na maneno. Niliwahi kukuta "2,500,000 (milioni mbili na elfu hamsini)". Zikigongana hivyo, mara nyingi maneno ndiyo yanayofuatwa, kwa hiyo wakili angeweza kupoteza 450,000 kwa sababu ya "elfu hamsini" iliyoshika nafasi ya "laki tano".

Kwenye mipaka ya kazi, tafuta mahali kazi inapoishia. "Wakili atamwakilisha mteja katika kesi ya deni hadi mwisho" inasikika vizuri, lakini mwisho ni upi? Ni siku ya hukumu, baada ya rufaa, au siku deni litakapolipwa kweli? Mteja aliyeshinda kesi anataka fedha mkononi, na kukaza hukumu kunaweza kuwa kazi nzito kama kesi yenyewe. Napendelea iandikwe hivi: "hadi mahakama ya kwanza itakapotoa hukumu. Rufaa na kukaza hukumu hazimo. Zitahitaji makubaliano mengine." Angalia pia "ikiwemo". Neno hilo linaacha orodha wazi, kama kwamba yaliyotajwa ni mifano tu. Kama wakili anataka kufanya yale yaliyotajwa tu, aandike "yaani", au "haya tu". Na "kushughulikia" na "kusaidia" ziulizie kila mara: kusaidia kufanya nini?

Majina nayasoma peke yake, bila kufuata habari, nikiwa na kitambulisho au cheti cha usajili mkononi. Mohamed na Muhammad ni watu wawili mpaka uthibitishe vingine. Kubwa zaidi ni kujua mteja ni nani hasa. Mkurugenzi ndiye aliyekuja ofisini, lakini anayedai ni kampuni. Basi jina la kampuni liwe juu, naye asaini "kwa niaba ya". Kama ada inalipwa na mtu wa tatu, labda ndugu, barua iseme kwamba huyo ni mlipaji tu, maagizo yanatoka kwa mteja. Jina la mpinzani nalo usilipite haraka, kwani ndilo linalotafutwa kwenye mafaili kuona kama ofisi ina mgongano wa maslahi. Herufi moja ikikosewa, utafutaji unaweza kurudi mtupu.

Barua nyingi huzaliwa kutoka barua ya zamani. Bonyeza Ctrl+F utafute jina la mteja wa zamani, kila sehemu yake kivyake. Kisha tazama kwa macho kijachini, nafasi ya sahihi, namba ya kumbukumbu na jina la faili. Hilo la mwisho hulisahau kila mtu, na ndilo mteja analoliona kwanza akifungua barua pepe.