ISBN na nakala za maktaba ya taifa

"Nimejichapishia kitabu na ISBN ninayo. Bado natakiwa kupeleka nakala maktaba ya taifa?"

Ndiyo, peleka. ISBN inakitambulisha kitabu tu, haichukui nafasi ya nakala zenyewe. Wanaosema kwamba kupeleka nakala ni jukumu la mchapishaji wako sawa, ila ukijichapishia, mchapishaji ni wewe, si mwenye mtambo aliyekupigia chapa. Idadi ya nakala na muda wa kuziwasilisha soma katika sheria ya nchi yako.

Hakimiliki unayo tangu ulipoandika, kwa hiyo usizipeleke kwa ajili hiyo. Faida kubwa ni kwamba kitabu huingia kwenye bibliografia ya taifa, yaani orodha ya vitabu vinavyochapishwa nchini, na nakala hutunzwa hata zako zikiisha. Mimi kompyuta iliharibika na faili la kitabu changu cha kwanza likapotea, na madukani kilikuwa kimekwisha. Nilikichapa upya neno kwa neno nikiwa nimekaa maktaba, mbele ya nakala niliyoipeleka mwenyewe.

Dai stakabadhi yenye tarehe. Ukitoa toleo lililorekebishwa, kwa kawaida hilo nalo hupelekwa. Kama ni kitabu cha kielektroniki pekee, uliza kwanza, maana sheria zinatofautiana sana hapo.