Huyo mzee ni Hukwe Zawose

"Mwaka 1999 hapa Mwanza nilimwona mzee mwenye njuga miguuni, anapiga marimba ya sanduku, sauti nene mara nyembamba. Nani huyo?"

Ndugu yangu, kwa maelezo hayo namwona Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma. Jaribu kukumbuka mlio: marimba ya Kigogo, ilimba, hutobolewa vitundu vinavyozibwa kwa utando wa buibui, ndiyo maana kila noti inatetemeka kama nyuki chupani. Mimi hapo ndipo ninapoitambua, hata kabla ya kumwona mpigaji. Ila ndugu zake walipiga na kuimba hivyohivyo, kwa hiyo kagua mwaka: Hukwe alifariki 2003. Je, pembeni yake kulikuwa na mtu wa zeze?