Kontroli mbovu na maoni safi ya odita vinakaaje pamoja

Swali: "Mwalimu wa oditi katwambia kampuni inaweza kupewa maoni safi na odita wa nje hata kama kontroli zake za ndani ni mbovu. Sijaelewa, kontroli zikiwa mbovu hayo maoni safi yatoka wapi, na yana kazi gani?"

Mwalimu wako kasema kweli, na sababu ni kwamba odita wa nje haulizwi "kontroli zenu nzuri?", anaulizwa "hizi hesabu za mwaka mlizoandika zaonyesha hali halisi?", na akijibu ndiyo bila kuweka kasoro, hayo ndo maoni safi. Kontroli, yaani taratibu za ndani za kuzuia wizi na makosa, kwake ni njia ya kufikia hilo jibu, na njia ikiwa mbovu anapita nyingine ndefu zaidi.

Ntakupa kesi niliyoifanyia kazi mwenyewe, hapa hapa Mombasa, duka la jumla la vipuri vya magari, jina naliacha. Lilikuwa likiuza kwa mkopo kwa maduka madogo ya Likoni, Ukunda mpaka Malindi. Mauzo ya mwaka kama milioni 120, na mpaka tarehe 31 Desemba vitabu vyasema wateja wanadaiwa milioni 14. Sisi tukaweka kiwango cha uzito shilingi milioni 1.2, yaani asilimia moja ya mauzo, maana yake kosa likivuka hapo laweza kumbadilishia mawazo mtu anayetegemea hizo hesabu. Na mtu mwenyewe yupo, tajiri mwenye duka alikuwa anaomba mkopo benki na benki yataka hesabu zilizokaguliwa, haiwezi kuja kukaa dukani kuhesabu risiti.

Siku za mwanzo hatukukagua chochote kikubwa, tulichukua malipo ya mteja mmoja tukayafuata kuanzia pesa zinapoingia mpaka zinapofika benki. Tukakuta karani mmoja ndiye apokea keshi, ndiye aandika risiti, ndiye aingiza kwenye leja ya mteja, na ndiye apeleka pesa benki. Tajiri alikuwa anamwamini sana, na huyo karani hakuwa anaenda likizo kabisa, jambo ambalo tajiri alilisifu na sisi likatutia wasiwasi.

Hebu ona vile mtu aliyeshika kazi zote hizo anavyoweza kufanya. Mteja wa Ukunda aleta 80,000 Jumatatu, karani azitia mfukoni na haandiki kitu kwenye leja. Alhamisi mteja wa Likoni aleta 95,000, karani azipeleka benki zote lakini kwenye leja aandika 80,000 za Ukunda na 15,000 za Likoni. Sasa Ukunda ametulia, aliye na pengo ni Likoni, naye atazibwa na mteja wa tatu wiki inayofuata, hivyo hivyo pengo lahama bila kuisha. Ukilinganisha kitabu cha keshi na steitimenti ya benki vinakubaliana kabisa, kwa sababu kila kilichofika benki kimeandikwa. Uongo uko kwenye wadaiwa, vitabu vyasema watu wanadaiwa pesa ambazo walishalipa.

Tulipoona hivyo tuliamua hatuegemei kontroli ya hapo hata kidogo, na hapa ndo wanafunzi wengi wanapopotea, wanadhani kontroli mbovu basi oditi imekwisha. Haijaisha, inabadilika. Kontroli ingekuwa nzuri tungeipima kama yafanya kazi mwaka mzima, halafu tungewaandikia wateja wachache kuwauliza wanadaiwa kiasi gani, pengine hata kwa salio la Oktoba. Badala yake tuliandikia karibu wateja wote wakubwa, kwa salio la 31 Desemba yenyewe, na barua tulizituma sisi na majibu yakaja ofisini kwetu moja kwa moja bila kupita mkononi mwa karani (usimpe mteja wa oditi hizo bahasha akupostie, hata akiwa mtu mzuri vipi). Halafu tukachukua nakala za risiti tukazilinganisha jina kwa jina na tarehe kwa tarehe na slipu za benki na leja.

Majibu yakaanza kuja, mmoja asema mimi nilishalipa Novemba na risiti hii hapa, mwingine vilevile. Risiti ya tarehe 12, kwenye leja imeingia tarehe 27. Mwisho wa yote pengo likawa 740,000.

Sasa utaona hiyo iko chini ya milioni 1.2, lakini hatukusema ni ndogo tuiwache. Kwanza ni wizi, na wizi una uzito wake hata ukiwa na tarakimu ndogo, na pili lazima ujiulize kama kuna mwingine hujauona. Kwa kuwa wateja tuliowafikia walibeba sehemu kubwa sana ya zile milioni 14, na waliobaki tuliangalia kama walilipa Januari na Februari, tukaridhika. Tajiri akakubali kuitoa 740,000 kwa wadaiwa na kuiandika kama hasara. Hesabu zikawa sawa, tukatoa maoni safi.

Pamoja na hayo tukampa barua nyingine inayoeleza udhaifu wote, na hiyo si hisani, kiwango cha kimataifa cha oditi, ISA 265, chamtaka odita auandike udhaifu mkubwa na kuupeleka kwa wanaosimamia kampuni. Tulimshauri karani asishike leja, na kwa kuwa watu ni wachache pale, tajiri mwenyewe awe anawatumia wateja steitimenti kila mwezi na malalamiko yaje kwake. Benki iliona maoni, barua haikuiona. Soma ripoti yoyote ya odita hapa Kenya, kuna mahali inasema aliuelewa udhibiti wa ndani ili apange kazi yake na si kwa lengo la kutoa maoni kuhusu ufanisi wake. Marekani, kwa kampuni kubwa zilizo kwenye soko la hisa, sheria ya Sarbanes-Oxley ya 2002 yataka odita atoe maoni ya kontroli pia, na huko kuna kampuni zapata maoni safi ya hesabu na maoni mabaya ya kontroli mwaka huo huo.

Lau pengo lingekuwa milioni 4 na tajiri akakataa kurekebisha, tungetoa maoni yenye kasoro, hesabu ni sawa isipokuwa wadaiwa. Uongo ungeenea hesabu nzima, basi maoni hasi.

Lakini kuna mahali njia ndefu haipo, nalo ulishike vizuri. Wateja wa mkopo tuliweza kuwauliza kwa sababu majina yao yako kwenye vitabu. Chukua duka linalouza kwa keshi, risiti hazitolewi, stoki haihesabiwi. Mauzo ambayo hayakuandikwa popote utamwandikia nani barua? Huwezi kupima kitu kisichoacha alama, na hapo odita aweza kulazimika kusema sikupata ushahidi wa kutosha, akaweka kasoro kwenye maoni au akakataa kutoa maoni kabisa. Hapo ndo kontroli mbovu yafika mpaka kwenye ukurasa wa maoni, kwa kuwa imemnyima odita ushahidi.